Tarehe 14 Februari imeangukia Ramadhani

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 29, Mkatoliki kutoka Mbeya, nafanya kazi ya uhasibu katika hoteli moja huku Paje. Mwezi wa Novemba nilikutana mtandaoni na binti wa hapa Unguja. Anakaa Fuoni kwa wazazi wake na anauza kwenye duka la dawa mjini. Tunachati tangu asubuhi mpaka usiku, na baadhi ya Jumamosi tunakutana mjini kwa chakula cha mchana. Nampenda na sifichi.*

*Nimeshaweka meza ya watu wawili kwa jioni ya tarehe 14 Februari. Nilipomwambia akaniandikia hivi: "Hiyo ni Ramadhani. Mwezi huo tutapunguza kidogo, usinielewe vibaya." Hakuongeza neno, nami nikaogopa kuuliza. Kupunguza ndiyo nini? Nimwandikie saa ngapi? Naweza kumwalika futari badala ya chakula cha usiku? Nifunge naye ili aone kwamba nimedhamiria? Na nitajuaje kama amenyamaza kwa sababu ya mfungo, au ananiacha taratibu?*

*Mgeni wa Paje*

Marahaba, mwanangu. Tuanze na kalenda, kwani humo ndimo mambo yalimogongana. Ramadhani ya mwaka huu wa 2027 inatarajiwa kuingia Jumatatu ya tarehe 8 Februari, ikitegemea mwezi utaandama lini. Tarehe 14 basi ni siku ya sita au ya saba ya mfungo, ndani ya kumi la mwanzo, wakati nyumba zetu zote zimejaa na kila mtu yupo kwenye mkeka ikifika magharibi. Tena tazama na kalenda ya kanisani kwako. Jumatano ya Majivu mwaka huu ni tarehe 10 Februari, kwa hiyo Jumapili uliyoweka meza ni ya kwanza ya Kwaresima. Nyote wawili mnaingia kwenye mfungo, mkipishana siku mbili. Mwambie hilo. Atafurahi kujua kwamba na wewe una mwezi wako wa kujizuia, na maneno mengi utakayotaka kumweleza yatakuwa mepesi kuanzia hapo.

Meza ifute leo. Usiihamishie Jumapili nyingine ya Februari, na usimwambie "basi tutakula baada ya futari". Utaona mbele kwa nini.

Ulilokosa mpaka sasa ni swali moja, na ukiliuliza kabla mwezi haujaandama utakuwa umejiondolea mashaka ya siku thelathini. Binti amekupa mlango aliposema "tutapunguza". Hakusema tuache. Wasichana wetu wengi hawapendi kumpangia mwanamume masharti, basi anatamka nusu na kungoja aone utaichukuaje nusu ya pili. Mwandikie kitu kama hiki, kwa maneno yako: "Nimekuelewa, na meza nimeshaifuta. Ningependa tuonane Jumamosi tarehe 6 kabla ya Ramadhani, mchana au baada ya magharibi, chagua wewe. Na mwezi ukiandama niambie unavyopenda: tuandikiane kidogo kila siku, mara moja moja, au tunyamaze mpaka sikukuu. Utakalosema nitalishika." Kisha lishike kweli. Akisema tunyamaze, usimtumie "nilikuwa nakusalimia tu" siku ya nne.

Hiyo Jumamosi ya tarehe 6 nimeichagua kwa sababu siku za mwisho za Shaaban hapa kwetu ndiyo vunja jungu. Watu hutoka, hula, hutembea kabla ya kuingia kwenye mwezi. Binti akiaga nyumbani siku hizo haulizwi sana. Lakini nimekuambia umpe hiari ya mchana au jioni, na hilo lina sababu yake ambayo vijana wengi wa bara hawaijui. Mwanamke wa Kiislamu hafungi siku za hedhi, na siku alizokosa Ramadhani iliyopita inampasa azilipe kabla hii haijaingia. Wengi huchelewa mpaka Shaaban, ndiyo unawaona wamefunga Jumatatu, Alhamisi, hata Jumamosi. Ukimng'ang'aniza chakula cha mchana unaweza kumkuta ana deni lake siku hiyo, na hatakuambia. Akichagua jioni, sema sawa na usiulize sababu.

Kwa sababu hiyo hiyo kuna swali moja ambalo katika Ramadhani usimuulize asilani: "Umefunga leo?" Kwako ni salamu. Kwake, ikifika siku zake, ni kulazimishwa ama aseme uongo mwezi wa toba, ama amweleze mwanamume asiye mumewe habari ya mwili wake. Humu majumbani binti aliye kwenye siku zake hunywa maji yake jikoni mlango umerudishwa, hata ndugu zake wa kiume wasimwone. Muulize "siku imekwendaje?" naye atajibu apendavyo.

Sasa saa, kwa kuwa ndiyo hasa uliyouliza. Ukiijua siku yake ya Ramadhani ilivyo, hutahitaji kubahatisha.

Anaamka daku kama saa 10 alfajiri. Mwezi huu wa Februari adhana ya alfajiri hapa Unguja ni kama saa 11 na dakika 10, na jua linakuchwa kama saa 12 na dakika 45 jioni. Hapo kati ni saa kumi na tatu na nusu bila chakula wala tone la maji, tena katikati ya kaskazi, joto la mwaka mzima limekaa hapo. Baada ya swala hulala kidogo, kisha kazini. Asubuhi, tuseme saa 3 au saa 4, akili bado ni nzuri na mwili haujachoka. Ujumbe mfupi saa hizo unapokewa vizuri, ukiwa ule usiodai jibu. "Nakutakia mfungo mwema, nami leo nina hesabu za mwisho wa wiki" inatosha. Saa 8 mchana ukimwandikia utapata "sawa" na "ndiyo", kichwa kinauma, dukani kuna foleni, na wewe utakaa Paje unahesabu herufi.

Kisha anarudi Fuoni kwa daladala, na kuanzia saa 10 hivi mpaka magharibi simu yake imewekwa juu ya friji inachajiwa. Hapo yuko jikoni. Futari ya nyumba ya Unguja haipikwi na mtu mmoja. Mmoja anakuna nazi, mwingine anamenya muhogo na magimbi, mwingine yuko kwenye mafuta na katlesi na sambusa, kuna mkate wa kumimina ambao ukiuacha dakika mbili umeungua chini, kuna uji wa kukoroga, na mama anapita anaonja kwa macho kwani ulimi haumruhusu. Ikikaribia saa 12 na nusu mtoto anatumwa kwa jirani na sinia lililofunikwa kawa, na mtoto wa jirani naye anaingia na la kwao. Ukipiga simu saa hizo, inaita mbele ya watu wote. Dada mtu ndiye atakayeiangalia nani anapiga. Kwa hivyo tangu saa 10 jioni mpaka saa 3 usiku, mwanangu, usipige. Hata "futari njema" itume mapema, saa 9, asome akiwa kwenye daladala.

Adhana ikisomwa watafungua kwa tende na maji, wataswali, ndipo wale. Isha inaingia karibu na saa 2 usiku, na baada yake ni tarawehe. Wengine huswali rakaa nane, wengine ishirini, wanawake baadhi huenda msikitini na baadhi huswali nyumbani, basi mtu anamaliza saa 3 au kupita kidogo. Bado kuna vyombo. Kama ana nafasi ya kukaa na simu yake, ni kuanzia saa 3 na nusu mpaka saa 4 na nusu usiku. Zaidi ya hapo unamla usingizi wa daku. Na hapo penyewe andika, usimtumie sauti. Chumba analala na wadogo zake, hawezi kusikiliza sauti ya mwanamume usiku wa Ramadhani pembeni ya mdogo wake wa miaka kumi na mbili.

Ndiyo kusema mlikuwa mnachati kutwa, sasa mtabaki na salamu ya asubuhi na lisaa limoja la usiku, tena si kila usiku. Huko ndiko kupunguza alikokusudia, kwa ninavyowajua mabinti wa kwetu. Likipatikana hilo, umepata kingi.

Kuna upande wa pili wa kupunguza, nao ni wa maneno yenyewe. Funga inavunjwa na chakula, kinywaji na tendo la ndoa, lakini tunafundishwa tangu tuko chuo cha Kurani kwamba asiyeacha maneno maovu, Mungu hana haja na njaa yake. Mazungumzo ya mahaba, "nimekuota", picha, hayo yanamtia kwenye dhiki mchana wake wote, anarudi kwenye msala wake wa kuswalia akiwa na aibu. Na usidhani jua likizama mambo hufunguka. Aya ya 187 ya Suratul Baqara iliyohalalisha usiku wa mfungo inazungumza na watu na wake zao. Nyinyi si mume na mke, basi usiku wenu ni kama mchana wenu. Mzungumze mengine. Muulize nyumbani kwao hupika nini kumi la mwanzo, mwambie kwenu Mbeya Kwaresima inakuwaje, Ijumaa mnakula nini, Njia ya Msalaba ni kitu gani. Nina imani mtajuana zaidi kwa mwezi huo kuliko kwa miezi mitatu ya maua na mioyo.

Ukishafika kumi la mwisho, kama kuanzia jioni ya tarehe 27 Februari, punguza tena bila kungoja uambiwe. Hizo ndizo siku za kuutafuta usiku wa Lailatul Qadri. Watu huamka usiku wa manane kuswali, wanaume wengine hukaa itikafu msikitini, na binti huenda akafunga mtandao kabisa. Usiku ambao hayuko kwenye msala yuko Darajani na Mchangani na dada zake wanatafuta nguo za sikukuu, wanasukumana na mji mzima. Salamu moja ya asubuhi kila baada ya siku mbili inatosha. Jibu likija, vizuri.

Sasa habari ya kumwalika futari. Nia yako ni njema, na najua mahoteli hupanga meza za futari nzuri kabisa. Lakini fikiria anachotakiwa afanye ili aje. Aondoke nyumbani saa 11 jioni, wakati mikono yake inahitajika jikoni. Amwambie mama hatafuturu nao, na mama atauliza anafuturu wapi na nani. Kisha asafiri mpaka ulipo, afungue saumu mbele ya mwanamume asiyejulikana kwao, aswali magharibi pahali asipopazoea, arudi Fuoni usiku wakati wenzake wanatoka tarawehe na kila jirani yuko barazani. Hakuna daladala ya Paje itakayomngoja saa hizo, basi itabidi umrudishe kwa gari, na hapo ndipo watakapomwona vizuri. Futari kwetu ni ya nyumbani kwanza. Wenye ndoa huwaalika wazazi, wafanyakazi hualikana ofisini kwa kundi, majirani hupelekeana. Binti kufuturu na mwanamume peke yao ni jambo la kusemwa mpaka sikukuu ya mwaka mwingine.

Usijaribu kulizunguka kwa kumpelekea vitu nyumbani pia. Boksi la tende au mfuko wa sukari na unga likiingia kwao, swali la kwanza ni "limetoka kwa nani?", na wewe hujatambulishwa. Kama moyo unakusukuma kufuturisha, na ni jambo lenye thawabu kubwa machoni petu hata likifanywa na jirani Mkristo, futurisha pale ulipo. Hotelini mwako wapo walinzi, wapishi na wafua nguo waliofunga ambao hawafiki makwao kwa wakati. Nunua tende na maji, wape robo saa kabla ya adhana. Fanya bila kupiga picha ya kumtumia. Akija kusikia kwa njia yake, vyema, na asiposikia watu watakuwa wamefuturu.

Nikiwa nimeshaigusa hoteli: huko Paje watalii hula mchana kwenye migahawa ya ndani na hakuna anayekushangaa. Siku ukija mjini, usinywe hata maji barabarani. Migahawa mingi hufungwa mpaka jioni, na polisi wameshawahi kukamata watu kwa kula hadharani mchana wa Ramadhani. Lakini hata polisi wasingekuwepo, ukionekana na chupa mdomoni Darajani saa 7 na mtu wa kwao, hiyo ndiyo sifa itakayokutangulia.

Kufunga pamoja naye, ukitaka jaribu siku moja kwa kujua tu anachokipitia, na usimwambie mpaka jioni. Usifunge ili akuone. Kwetu funga ni ibada yenye nia yake, na mtu anayefunga kwa ajili ya msichana, msichana mwenyewe haimpendezi. Unayo Kwaresima yako, ishike hiyo vizuri. Binti aliyelelewa kwenye dini anamheshimu mtu anayeshika dini yake kuliko anayeazima ya mwenzake kwa mwezi mmoja.

Na hapa sitakuficha jambo zito, kwa kuwa wewe umesema unampenda na sitaki mfike mbali mkiwa hamjalitaja. Kwa sheria ya Kiislamu kama inavyofuatwa hapa, mwanamume Muislamu anaweza kumuoa Mkristo, lakini binti Muislamu haolewi na mwanamume asiye Muislamu. Hakuna walii wa Fuoni atakayeozesha hivyo. Hilo yeye analijua tangu siku ya kwanza mliyoandikiana, na huenda Ramadhani ndiyo inayomrudisha kulifikiri. Mwezi huu usimuulize mustakabali wenu, na wewe usikurupuke kusema utasilimu. Ahadi ya kusilimu iliyotolewa usiku wa saa 4 kwa kumkosa mtu nimeona inavyoishia, ndugu wa pande zote mbili wakilia. Itunze mpaka baada ya sikukuu, mzungumze ana kwa ana mkiwa mmeshiba. Ila usiache mwezi wa Machi ukapita hamjazungumza.

Twende kwenye sikukuu. Idi inatarajiwa kama tarehe 10 Machi, siku moja mbele au nyuma, na hatutajua mpaka usiku wa kuamkia. Wapo wanaofuata mwezi ulioonekana popote duniani na wapo wanaosubiri uonekane huku kwetu, ndiyo maana nyumba mbili za mtaa mmoja huweza kupishana siku. Muulize kwao wanafuata upi, usije ukamtumia "Idd Mubarak" siku ambayo bado anafunga. Siku ya kwanza ni ya swala, wazazi na pilau. Mtumie salamu asubuhi na usingoje jibu. Sikukuu kwetu Unguja zinakwenda mpaka siku ya nne, na jioni vijana hutoka na ndugu zao kuelekea viwanja vya sikukuu na Forodhani. Akikuambia yuko Forodhani na dada zake na ukapita kusalimia, salimia wote, nunua mishkaki ya kundi zima, uondoke. Huo utakuwa utambulisho wa kwanza ulio mzuri kuliko wowote unaoweza kuupanga.

Siku ya kuonana nyinyi wawili, mwachie achague, ila wewe pendekeza jioni. Kuna jambo la mwisho la kalenda hapa: baada ya siku ya Idi watu wengi hufunga sita, siku sita za mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, na wanaozipenda huanza siku ya pili tu. Wanawake wengine hulipa deni lao la hedhi kwanza, ndipo wafunge sita. Kwa hiyo ukipanga chakula cha mchana Jumamosi ya tarehe 13 au 20 Machi, huenda ukamkuta amefunga tena wakati wewe ulidhani mambo yamekwisha. Sema "baada ya magharibi, tukae lisaa limoja, nikurudishe mapema." Pahali pawe wazi na pana watu, karibu na kituo cha daladala za Fuoni.

Kuhusu kujua kama anakuacha, usipime kwa wingi wa ujumbe wakati wa mfungo. Wingi utapungua hata kama anakupenda kupindukia. Tazama mambo mawili. La kwanza, je, alijibu lile swali lako la mwanzo? Mtu anayetaka kubaki atakuambia saa yake, hata kwa aibu: "niandikie usiku baada ya tarawehe", "kumi la mwisho nitakuwa kimya". Anayetaka kuondoka atakuambia "tutaona". La pili, je, kuna mahali anautaja wakati ujao mwenyewe, bila wewe kumvuta? "Nikimaliza sita nitakuonesha", "sikukuu nitakuwa mjini." Ukipata hata moja la namna hiyo ndani ya mwezi mzima, tulia.

Zikiisha sikukuu, ukamsalimu, ukampa nafasi mpaka mwisho wa Machi, naye anajibu nusu nusu au hajibu, basi amekujibu. Wapo wanaoingia Ramadhani na uhusiano na wakatoka wameuweka chini kwa Mungu wao. Hapo usimfuate dukani. Mwandikie mara moja kwamba umeelewa na unamtakia kheri, na namba yake uiache ipumzike.

Shangazi